Asidi ya siki: usirefushe grafu, fanya hesabu ya ioni

Nimepoteza jioni nzima nikirefusha grafu ya Λ, yaani upitishaji umeme kwa kila moli, dhidi ya √c, c ikiwa ukolezi wa asidi ya siki, ili nipate Λ°, yaani Λ ya mmumunyo mwepesi kabisa. Haitoki. Karibu na sifuri mstari unapaa kama ukuta, kwa sababu kadiri unavyoongeza maji ndivyo molekuli nyingi zaidi zinavyovunjika kuwa ioni. Tumia sheria ya Kohlrausch: kwenye mmumunyo mwepesi kabisa kila ioni husafiri kivyake, kwa hiyo chukua elektroliti kali tatu, ujumlishe na kutoa. Kwa nyuzi 25, katika S cm² mol⁻¹:

Λ°(HCl) + Λ°(CH₃COONa) − Λ°(NaCl) = 426.2 + 91.0 − 126.5 = 390.7

Na⁺ na Cl⁻ zimekatana, zimebaki H⁺ na CH₃COO⁻. Asidi ya 0.01 M ina Λ ya takriban 16.2, hivyo sehemu ya molekuli zilizovunjika ni α = 16.2/390.7 = 0.041, na Ka, kipimo cha nguvu ya asidi, inatoka karibu 1.8 × 10⁻⁵.

Inakwama ukichanganya namba za nyuzi 18 na 25. Pia α = Λ/Λ° usiipeleke kwa HCl: humo Λ hushuka kwa sababu ioni zinavutana, wala si kwamba hazijaachana.