Ukitaka 500,000 ibaki mkononi, uandike bei gani? Kodi ikiwa ndani ya bei na dalali akidai chake

Katwe hapa Kampala bei ya mlango wa chuma huandikwa kwa chaki, mara nyingi kwenye mlango wenyewe. Mteja anaisoma hiyo moja na hataki kusikia habari ya "pamoja na kodi". Kwa hiyo fundi aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ile inayosomeka VAT kwenye risiti, hana budi kuanzia mwisho: anajua anachotaka kibaki, halafu anarudi nyuma hadi kwenye bei ya chaki. Mimi huwapigia hesabu mafundi wa karakana tatu, na hesabu hii ndiyo ninayoirudia kuliko zote. Nitatumia mlango mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Jua kwanza unataka kibaki nini

Hapa ndipo wengi wanapoteleza kabla hata ya kugusa asilimia. Gharama unayoingiza ni ile ambayo hutarudishiwa. Bati, paipu za mraba, kitasa na bawaba za mlango huu zilinunuliwa kwa 236,000 kwenye duka lililosajiliwa, na duka likatoa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, yenye namba ya mlipakodi ya karakana. Ndani ya 236,000 kuna kodi 36,000, nayo itapunguzwa kwenye kodi ya mauzo mtakapowasilisha ritani, ambayo hutakiwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Gharama halisi ya vifaa hivyo basi ni 200,000.

Rangi na fimbo za kuchomelea zilitoka kwa muuzaji mdogo asiyesajiliwa: 40,000, yote ni gharama. Kazi ya mafundi 110,000. Usafiri 30,000. Faida anayoitaka mwenye karakana ni 120,000. Jumla 500,000. Hiki ndicho kiasi kinachopaswa kubaki baada ya URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda, na dalali kuchukua chao. Kodi ya mapato ni hesabu nyingine, inakatwa kwenye faida ya mwaka, usiichanganye hapa.

Hatua ya 2: Toa kodi kwenye bei

Kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na hiyo 18 inahesabiwa juu ya bei isiyo na kodi. Ndiyo maana bei ya chaki ni sehemu 118, ambapo 100 ni zako na 18 ni za serikali. Bila dalali hesabu ingekuwa nyepesi: 500,000 mara 1.18, unapata 590,000.

Ukirudi nyuma, gawa kwa 1.18. Usitoe asilimia 18 ya 590,000. Hiyo ingekupa kodi ya 106,200, wakati kodi halisi ni 90,000, na utajiona una 483,800 tu. Nimewaona watu wakipandisha bei bure kwa kosa hili, wateja wakahamia karakana ya jirani.

Hatua ya 3: Muulize dalali anahesabia wapi

Dalali anayeleta wateja kwenye mlango huu anachukua asilimia 5. Asilimia 5 ya nini? Muulize kabla hajaleta mtu. Wengi huhesabu juu ya fedha yote anayolipa mteja, kodi ikiwemo, na sisi tutafuata hiyo.

Fundi mmoja aliyekulia Arua aliniletea daftari lake akiwa amechoka: "Dada, nimeongeza asilimia 5 juu ya 590,000, nimeuza kwa 619,500, lakini laki tano haitimii." Tulifuata fedha zake pamoja. 619,500 kugawanya kwa 1.18 ni 525,000. Dalali alichukua asilimia 5 ya 619,500, yaani 30,975. Kilichobaki ni 494,025. Pengo la 5,975 linatokana na kwamba yeye aliongeza asilimia kwenye bei ya zamani, ilhali dalali anakata kwenye bei mpya iliyokwisha kuvimba.

Njia iliyonyooka ni kuangalia kila shilingi 1,000 ya bei ya chaki inakuachia nini. Ukigawa 1,000 kwa 1.18 zinabaki 847.46. Dalali anachukua 50. Zinabaki 797.46. Kumbe kila shilingi moja ya bei inakuachia 0.79746, na ili upate 500,000 unagawa kwa namba hiyo:

```
500000 / (1/1.18 - 0.05) = 626993
```

Tunaandika 627,000. Kama dalali wako anahesabu juu ya bei isiyo na kodi, gawa 500,000 kwa 0.95, kisha zidisha kwa 1.18: inatoka 621,053. Swali moja tu kwa dalali, na bei inatofautiana karibu 6,000.

Kwenye jedwali la kompyuta weka unachotaka kibaki katika B1 na asilimia ya dalali katika B2, kisha andika:

```
=CEILING(B1/(1/1.18-B2),1000)
```

Itapandisha hadi elfu iliyo juu. Usiishushe, maana kinachopungua kinatoka kwenye faida yako peke yake.

Hatua ya 4: Hakikisha kwa kuteremka

Anza na 627,000. Kodi ni 627,000 mara 18, gawa kwa 118: 95,644. Dalali 31,350. Kinabaki 500,006. Sasa ndipo uandike kwa chaki.

Ukishatoa risiti ya EFRIS, tazama mstari wa kodi kabla mteja hajaondoka. Ukisoma 95,644 na jumla 627,000, ni sawa. Ukikuta kodi ni 112,860 na jumla 739,860, bei imeingizwa kana kwamba haina kodi ndani yake. Isahihishe siku hiyo hiyo, kwa sababu URA inasoma risiti hiyo, haisomi chaki yako.

Hatua ya 5: Rudia hesabu risiti ya vifaa ikikosekana

Tuseme duka la bati lilikataa kutoa risiti ya EFRIS. Zile 36,000 huwezi kuzidai tena, zinakuwa gharama. Unachotaka kibaki kinapanda hadi 536,000, na bei inakuwa 672,136. Risiti moja imepandisha mlango kwa zaidi ya 45,000. Kwa hiyo muuzaji akikupunguzia 20,000 ili asikuandikie risiti, bado umepata hasara.

Hatua ya 6: Weka sakafu kabla mteja hajaanza kuomba

Mteja ataomba apunguziwe, na Katwe hakuna asiyeomba. Tumia ile 797 uliyokwisha kuipata: kila elfu unayopunguza inakutoka shilingi 797 hivi, zilizobaki zinapungua kwa URA na kwa dalali. Ukikubali 600,000, umepunguza 27,000 lakini mfukoni mwako zimetoka 21,531, na kinabaki 478,475.

Mwenye karakana aliniambia hawezi kushuka chini ya faida ya 100,000, yaani kibaki 480,000. Gawa kwa 0.79746, unapata 601,913. Tukaandika 602 kwa herufi ndogo nyuma ya mlango, upande wa bawaba, ili kijana anayeuza mwenye karakana asipokuwepo ajue pa kusimama.