Kuhara damu kwa vifaranga: cha kufanya tangu asubuhi unapoiona

Mwongozo huu ni wa mfugaji mwenye vifaranga wa wiki tatu hadi sita wanaolala juu ya maranda. Mfano wangu ni kundi la kroila 200 wa wiki nne, msimu wa masika, banda la sakafu ya saruji. Umeingia asubuhi, ukakuta matone mekundu kwenye maranda, vifaranga kadhaa wamejikunyata, mbawa zimelegea, na mmoja amekufa.

Hatua ya 1: Mpasue aliyekufa

Usikimbilie dukani kwanza. Kuku mwenye afya hutoa mara chache kwa siku kinyesi laini cha kahawia kinachonata, na pengine utaona utando wa rangi ya chungwa kwenye kinyesi. Hiyo si damu. Damu yenyewe ni nyekundu, inalowesha maranda na kuchafua manyoya ya nyuma.

Vaa glavu, chukua aliyekufa karibuni, mfungue tumbo na ufuate utumbo hadi karibu na mwisho. Hapo kuna vifuko viwili virefu. Kwa kifaranga mzima ni vyembamba, na ndani mna uchafu wa kahawia. Ukivikuta vimevimba, vyeusi-vyekundu, na ukichana inamwagika damu au donge la damu, huyo ni Eimeria tenella, aina ya koksidia, kimelea wa utumbo anayeua vifaranga wengi. Akiwa ameugua siku kadhaa kabla ya kufa, utakuta damu imegandamana na usaha mgumu kama jibini.

Vifuko vikiwa vya kawaida, simama hapo. Gumboro hushika umri huohuo, ila kuhara kwake ni kweupe na kwa majimaji, na ukichuna ngozi ya paja unaweza kuona michirizi ya damu kwenye nyama. Kwa Gumboro, dawa ya koksidia haitafanya kitu. Peleka mzoga kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya 2: Hesabu siku tano nyuma

Damu hujitokeza yapata siku ya nne au ya tano tangu kifaranga ameze mayai ya kimelea. Kwa hiyo wanaotoa damu leo waliyameza siku nne au tano zilizopita, na wengine wengi wanaoonekana wazima wameshayameza pia. Mambo mawili yanatoka hapo. Unatibu kundi zima, hutibu wagonjwa pekee. Pili, usishangae wakiendelea kufa siku mbili au tatu baada ya kuanza dawa, kwa sababu ukuta wa utumbo wao umeshachanika. Wafugaji wengi hubadilisha dawa siku ya pili kwa hofu, na hapo ndipo pesa inapopotea.

Hatua ya 3: Chagua dawa na uipime

Kwanza jua maji wanayokunywa. Pima uliyoweka jana na yaliyobaki. Kroila 200 wa umri huu hunywa kama lita 16, zaidi kukiwa na joto. Ondoa chanzo kingine chochote cha maji, maana dawa inafika kwa kunywewa tu. Kifaranga mgonjwa huacha kula mapema lakini huendelea kunywa, ndiyo maana tunapitisha dawa kwenye maji badala ya chakula.

Mimi huanza na amprolium. Ni salama, bei yake inavumilika, na inapatikana karibu kila duka la dawa za mifugo. Kwa unga wa asilimia 20, kiwango cha kuhara damu kukali ni gramu 1.2 kwa lita moja ya maji. Kwa lita 16 ni gramu 19 hivi. Tumia mizani ndogo ya kidijitali, kwa sababu kijiko cha chai cha kwako na cha jirani havilingani. Wape siku tano mfululizo, ukichanganya maji mapya kila siku, kisha shuka hadi gramu 0.3 kwa lita kwa wiki moja hadi mbili. Kama pakiti yako si ya asilimia 20, fuata lebo yake.

Amprolium hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1. Ukimwaga mchanganyiko wa vitamini wenye B1 kwenye maji yaleyale, unampa kimelea chakula chake. Vitamini K peke yake inafaa, husaidia damu kuganda. Nyingine zisubiri hadi amprolium iishe.

Toltrazuril ya asilimia 2.5 ni kali zaidi, inapiga hatua nyingi za kimelea na inamalizika kwa siku mbili: mililita 1 kwa lita, maji hayo wanywe saa 48 bila kukatisha. Naichagua vifo vinapopanda haraka, au pale amprolium imetumika kundi baada ya kundi hadi haioneshi nafuu. Kwa kuku wanaotaga mayai ya kula, usiitumie. Na kwa nyama, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Dawa za salfa zinatibu pia, lakini zinaumiza figo zikizidishwa, na sulfaquinoxaline inaweza yenyewe kuongeza kuvuja damu. Kwa kifaranga ambaye tayari anavuja, mimi huiacha.

Antibaiotiki ya oxytetracycline, yaani OTC, haiui koksidia. Nasema hivi kwa sababu ndiyo wengi huuziwa kwanza.

Hatua ya 4: Maranda, siku hiyohiyo

Kimelea akitoka na kinyesi bado hawezi kuambukiza. Anahitaji joto, hewa na unyevu kwa siku moja au mbili ndipo akomae. Joto na hewa huwezi kuviondoa bandani, unyevu unaweza.

Anzia chini ya vyombo vya maji. Chota maranda na uyakamue kwa nguvu kiganjani. Ukifungua mkono yakasambaratika taratibu, yako sawa. Yakibaki donge, yamelowa. Yakitoa maji, yalikwishapita kiasi. Toa yote yaliyoshikana kama mkeka, yatie kwenye mfuko na uyatoe nje. Usiyageuze kwa reki ukidhani unayakausha, kwani unatawanya mayai banda zima. Weka maranda makavu au pumba za mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10.

Kisha inua chombo cha maji hadi mdomo wake ulingane na mgongo wa kifaranga, juu ya tofali au kwa kamba. Hapa ndipo tatizo huanzia mara nyingi: vifaranga wanakua, chombo kinabaki chini, wanamwaga. Fungua mapazia upande usio na mvua. Ukisikia harufu ya amonia inakuchoma macho, hewa haitoshi. Na pima nafasi: vifaranga 200 wa wiki nne wanataka kama mita za mraba 20.

Chokaa hukausha, haiui mayai haya. Dawa nyingi za kawaida za kuua vijidudu pia hazifui dafu.

Hatua ya 5: Siku zinazofuata

Rudia kukamua maranda kila asubuhi sehemu nne au tano. Damu ikipungua kufikia siku ya tatu na wakaanza kurudi kwenye chakula, endelea na ratiba hadi mwisho. Vifo vikiendelea siku ya nne bila kupungua, pasua mwingine kabla ya kugusa dawa. Waliobaki hujenga kinga, ila ni kwa aina hiyo moja ya koksidia.

Kundi likiuzwa, toa maranda yote, osha sakafu kwa maji ya moto na sabuni, iache ikauke kabisa, jua likiingia kama inawezekana, ndipo ulete vifaranga wapya. Na ukinunua chakula cha kuanzia, uliza muuzaji kama kimechanganywa kinga ya koksidia, maana si vyote vinayo.