Ukiomba bei ya tafsiri, taja maneno, si kurasa

Ukiuliza tu "kutafsiri kurasa 10 ni bei gani?", wakala wa tafsiri hana cha kukujibu. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na maneno 150 au 600, na wengi hutoza kwa kila neno la matini ya awali. Kwenye Word idadi huonekana chini kushoto. Waraka ukiwa picha iliyoskaniwa, ambatisha faili lenyewe wahesabu wao.

Ujumbe kama huu unatosha: "Naomba bei ya kutafsiri mkataba wa kupangisha ofisi, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, maneno 3,200. Nauhitaji Ijumaa saa sita mchana."

Usisahau lugha ipi inakwenda ipi, maana bei na mtafsiri vinaweza kubadilika. Mada ndiyo huamua nani apewe kazi. Mkataba hapewi mtu wa vipeperushi. Kuhusu muda, mtafsiri mmoja humudu takriban maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku, kabla mhariri hajapitia. Ukiyataka hayo 3,200 kesho asubuhi, tarajia kulipia haraka yako, au kazi igawanywe kwa watu wawili, na hapo "mpangaji" wa ukurasa wa kwanza hugeuka "mkodishwaji" ukurasa wa nane.