Kabla hujawaita makocha wa kujitolea kwenye warsha

Warsha yangu ya kwanza ya makocha wa mtaani hapa Tanga niliifanyia ukumbini. Kulikuwa na projekta, michoro ya mishale, chai na sambusa. Siku chache baadaye nilipita uwanja mmoja Makorora jioni, nikamkuta yule mshiriki aliyekuwa akiitikia kuliko wote. Alikuwa amewapanga watoto ishirini na kitu kwenye foleni moja, mpira mmoja, naye fimbo mkononi. Hakuwa amedharau somo. Ila zoezi tulilolisema ukumbini hakuwahi kuliona likifanyika kwa watoto halisi, basi akarudia lile alilofundishwa yeye utotoni.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta ukumbi, tafuta uwanja na watoto. Kwa makocha 16 mimi huomba watoto 24 wa miaka 9 hadi 12, nao huja sehemu ya jioni tu. Kila mzazi anajulishwa mapema na kusaini kwamba anajua mtoto wake yuko wapi, na nani, mpaka saa ngapi. Asiye na idhini hachezi, hata kama kaka yake yupo. Tangu hapo makocha wanakuwa wameshaona utaratibu unavyokwenda, na wewe hujahubiri.

Saa nazo zina wenyewe. Watoto wengi wa huku wana madrasa, na makocha wengi wanaishi kwa bodaboda, uvuvi au genge. Ijumaa iache. Nusu siku ya Jumamosi na nusu siku ya Jumapili zinatosha, watoto waingie uwanjani saa kumi na robo baada ya Alasiri na watoke saa kumi na moja na nusu, ili hata anayekaa mbali afike nyumbani kabla ya Magharibi. Miezi ya Kaskazi joto la saa tisa si la kuchezea, na masika uwanja ukijaa maji uwe umeshaomba darasa au banda la karibu. Nauli na fidia ya siku ya kazi iseme wazi kwenye mwaliko. Mwenye bodaboda akikaa kwako bila kujua atapata nini, kichwa chake kiko kijiweni.

Sasa kiini chenyewe: mpango wa mazoezi. Usiwape fomu ya kurasa nne. Mpe kila mtu daftari, ukurasa mmoja kwa siku moja, na sharti kwamba juu kabisa kuna sentensi moja inayosema mtoto ataweza kufanya nini. "Pasi, kukaba na stamina" si lengo, ni orodha ya soko. "Mtoto apokee mpira huku ameshaangalia nyuma yake" ni lengo, kwa sababu ukisimama pembeni unaona kama linatokea au halitokei.

Chini ya sentensi hiyo kuna vipande vinne vya saa moja na robo: dakika 10 za mchezo wa kupasha mwili, 20 za zoezi la lengo, 30 za mechi ndogo, na zinazobaki ni za maji katikati na kuagana. Kocha asiye na mafunzo huwa anafanya kinyume. Mechi anaifanya zawadi ya dakika tano za mwisho, wakati mtoto ndiyo aliyoijia.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote halihitaji ubao. Kila kocha anachagua mtoto mmoja wa kumtazama kwa dakika 5, mfuko wa kulia una kokoto, na mtoto akigusa mpira kokoto moja inahamia kushoto. Awamu ya kwanza tunafanya foleni kama ile ya Makorora: watoto 24, mpira mmoja, kila mmoja apige golini. Zamu moja inachukua kama sekunde 20, maana yake mzunguko mzima ni dakika 8. Katika dakika 5 mifuko mingi ya kushoto inabaki na kokoto moja, na mingine haina kitu. Watoto wa nyuma wameshaanza kusukumana, na hapo ndipo makocha wengi huanza kupiga kelele za nidhamu. Awamu ya pili tunagawa mahali palepale viwanja vitatu, vya hatua 25 kwa 15 hivi, wanne kwa wanne, mipira mitatu, magoli ya kandambili. Kokoto zinawaishia baadhi yao. Utovu wa nidhamu nao umepungua bila mtu kuinua sauti. Wape dakika wazungumze wenyewe, usiwatafsirie.

Kwa hiyo vifaa vya kuandaa ni vichache: mipira 6, koni au chupa zilizojazwa mchanga, vitambaa vya rangi mbili, maji ya kutosha kila mtoto, boksi la huduma ya kwanza. Usilete vifaa ambavyo kocha hatakuwa navyo Jumatatu. Wakikuona na ngazi za mazoezi za plastiki, watakwambia hawawezi kufanya kwa sababu hawana ngazi.

Mchezo wa kupasha mwili chukua wa kwao, lakini uukague. Rede inafaa sana kwa wepesi wa miguu, ila kanuni yake ya kawaida inamtoa aliyepigwa, na wa kwanza kutoka ni yuleyule mzito ambaye ndiye angehitaji kukimbia zaidi. Tumebadili kitu kimoja tu: aliyepigwa anakwenda kurusha, mrushaji anaingia kati. Mwambie kila kocha alete mchezo mmoja wa utotoni kwake na autengeneze hivyo. Hapa ndipo wanapochangamka.

Upande wa usalama wa mtoto usiuweke saa ya mwisho watu wakiwa wamechoka. Weka Jumapili asubuhi, na ongea mambo ya uwanjani hasa: kuzungusha uwanja kama adhabu, fimbo, matusi ya "wewe mzembe kama baba yako", kumbeba mtoto peke yake kwenye bodaboda, kumtumia msichana ujumbe usiku, kurusha picha za watoto kwenye magrupu. Fimbo itazua mabishano, kila mara. Nami huuliza tu nani aliacha mpira au shule kwa sababu ya kupigwa, kisha nakaa kimya.

Lililo gumu ni mtoto anaposema jambo. Kabla ya warsha, pata jina na namba ya afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, jua Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko kituo gani, na piga mwenyewe 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto, uone inavyopokelewa. Halafu waigize, watu wazima kwa watu wazima, kamwe usimtumie mtoto. Kocha asikilize, asiahidi siri, asimhoji kama mpelelezi, asiende kumkabili mtuhumiwa, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka na kupeleka taarifa siku hiyohiyo. Wengi watataka kwanza "kuyamaliza na familia". Lirudie zoezi mpaka waache.

Cheti andika "amehudhuria", tarehe na mada. Nilishaona karatasi ya siku mbili ikionyeshwa kwa wazazi kama leseni ya ukocha, na tangu siku hiyo neno "kocha" silichapi kwenye cheti.

Mwisho, weka kwenye bajeti nauli ya kuwatembelea baada ya wiki tatu. Usiende na fomu. Omba daftari, soma sentensi ya juu ya siku hiyo, kisha simama pembeni na kokoto zako mfukoni.