Somo: Swali la kiwango cha kuagiza kwenye intavyu ya mchambuzi wa stoki

Nimekaa upande wa wanaouliza mara kadhaa hapa Lubumbashi, na swali linalochuja watu ni hili: "Kichujio hiki cha kamioni kinatoka Durban. Utaagiza vingine stoki ikishuka hadi ngapi?" Wengi wanakimbilia wastani, na hapo ndipo wanapokwama.

Hatua ya 1: Omba data kabla ya kukokotoa

Jibu la mfano: "Naomba matumizi ya kila wiki kwa mwaka mmoja. Kwa kila oda naomba pia tarehe ya kuagiza na tarehe mzigo ulipoingia depo."

Kisha onyesha kwamba huiamini data hiyo kijinga. Wiki yenye matumizi sifuri huenda ni wiki ambayo rafu ilikuwa tupu: mafundi walihitaji vichujio, hawakuvipata. Ukiiacha ndani ya hesabu, wastani unashuka, unaagiza kidogo, na rafu inakuwa tupu tena. Nayo mapokezi yakirundikana tarehe 30 na 31 kila mwezi, ujue mtunza depo anaingiza karatasi zote siku ya kufunga hesabu. Tafuta tarehe halisi kwenye hati za kamioni.

Hatua ya 2: Kokotoa mbele yao

Tuseme data iliyosafishwa inasema hivi: wastani wa matumizi ni vichujio 40 kwa wiki, na mkengeuko wastani wake, yaani kiasi ambacho kwa kawaida wiki hupanda au kushuka kutoka kwenye wastani huo, ni 10. Mzigo huchukua wiki 6 kwa wastani, na mkengeuko wake ni wiki 2, kwa sababu kuna bandari, barabara ndefu, na foleni ya mpakani Kasumbalesa ambayo haina ratiba.

Kwa muda wa kungojea utatumia 40 × 6, yaani 240. Juu yake unaweka stoki ya usalama, yaani akiba ya kukukinga matumizi yakipanda au mzigo ukichelewa. Excel nyingi huku kwetu ni za Kifaransa, kwa hiyo utaandika:

```
=1,65*RACINE(6*10^2+40^2*2^2)
```

Inatoa takriban 138. Kiwango cha kuagiza ni 240 + 138 = 378. Ile 1,65 inalingana na uwezekano wa asilimia 95 wa kutoishiwa kabla oda haijafika.

Hatua ya 3: Sema namba ipi inabeba uzito

Hapa ndipo kazi inapopatikana. Ndani ya mzizi kuna 600 inayotokana na matumizi kupanda na kushuka, na 6400 inayotokana na mzigo kuwahi au kuchelewa. Ukipuuza ucheleweshaji, stoki ya usalama inakuwa 40 tu badala ya 138. Kinyume chake, mkengeuko wa safari ukishuka kutoka wiki 2 hadi 1, unahitaji 77 tu.

Jibu la mfano: "Sitaanza kwa kuwabana mafundi wapunguze matumizi. Nitakaa na wakala wa forodha nione ni hati zipi zinazuia mzigo mpakani. Tukipunguza yumbayumba hiyo kwa wiki moja, vichujio kama 60 havitalala tena kwenye rafu."

Hatua ya 4: Jihadhari na mtego

Watakuuliza: "Depo ina 300, njiani 120. Unaagiza?" Anayeangalia rafu peke yake atasema ndiyo. Lakini 300 na 120 ni 420, juu ya 378, kwa hiyo bado. Wakiongeza kwamba 60 zimeshatengewa karakana, inabaki 360, na sasa unaagiza. Uliza mwenyewe kuhusu zilizotengwa kabla hawajakuambia. Mimi huwa nazificha makusudi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kolwezi: Yaya, hiyo asilimia 95 maana yake mafundi watahudumiwa mara 95 kati ya 100?*

Hapana. Ni nafasi ya kutoishiwa katika mzunguko mmoja wa oda. Ukiagiza mara 20, tarajia kuishiwa kama mara moja, na siku hiyo huenda ukapungukiwa na vichujio 5 au 50. Fomula hii haikuambii ni vingapi.

*Kutoka Likasi: Na shafti ya pampu inayotumika mara mbili kwa mwaka?*

Usitumie fomula hii. Inadhani matumizi yanatawanyika kwa ukaribu pande zote mbili za wastani, lakini shafti ina wiki 50 za sifuri. Linganisha gharama ya kuweka moja akiba na gharama ya pampu kusimama wiki 6. Mara nyingi unaweka moja, na siku inapotoka unaagiza nyingine.

*Wakinikataza Excel nitapataje mzizi wa 7000?*

80 mara 80 ni 6400, na 84 mara 84 ni 7056. Sema "chini kidogo ya 84" uendelee. Hakuna atakayekudai desimali.