Jinsi ya kufunga birika la zawadi kwa kanga, ukiwa na picha yake tu

Habarini wapendwa. Mdogo wangu wa Kondoa kanunua birika la kichenpati ya wifi yetu hapa Dodoma, linakuja na basi siku ileile ya shughuli, kwa hiyo niliandaa kila kitu kwa picha tu.

1. Omba picha mbili, ya ubavuni na ya juu. Karatasi ya A4 iwe pembeni ya birika, usawa wa katikati ya tumbo lake, na mpiga picha arudi nyuma kidogo avute kwa zumu. Akisogea sana mdomo wa birika unavimba kwenye picha na vipimo vyote vinakudanganya.

2. Weka rula juu ya skrini. A4 ina urefu wa karibu sm 30, kwangu ilionekana sm 6, kwa hiyo kila sm 1 ya skrini ni sm 5 za kweli. Birika likatoka sm 32 toka mdomo hadi mkono, kimo 22, upana 18.

3. Hapa ndo kwenye kazi. Mdomo na mkono ndo vinaharibu umbo, so vifiche kwanza. Kata ukanda wa boksi, kimo sm 22 urefu 85, ile mistari ya ndani ya boksi isimame wima, ikilala boksi linavunjika kona kona badala ya kupinda. Zungushia birika mviringo wa yai, bana kwa solotepu, mapengo jaza magazeti. Tikisa, likigonga ongeza gazeti.

4. Kanga yangu ni sm 150 kwa 110, nikakunja sm 20 kila upande ikawa mraba. Weka birika katikati, mdomo uelekee kona moja na mkono kona ya pili. Kona mbili za ubavuni funika kwanza na uzichomeke, hizo za mdomo na mkono ndo unafunga juu. Zinabaki kama sm 20 kila upande, zinatosha.

5. Fundo: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Masikio yakilala sawa na fundo uko vizuri, yakisimama juu na chini fungua urudie maana litateleza.

MASWALI

Dada, aliyenunua hana A4 je?
Atumie kitu ambacho na wewe unacho kilekile, mfano daftari la aina moja, pima la kwako.

Jina la kanga litasomeka?
Hapana mpenzi, linapotelea kwenye mikunjo. Ukitaka alisome mpe kanga ya pili ya doti, ikunje jina liwe juu.

Mi nina kalenda za zamani tu, zinafaa?
Zinafaa ila ongeza vifuniko vya boksi juu na chini, bila hivyo karatasi inabonyea na kuchanika kwenye kitasa cha mfuniko.