Jinsi ya kuandika upya barua pepe ya hasira bila kulegeza dai lako

Kazi yangu ni kuwaandikia barua wafanyabiashara wa hapa Mombasa, na nyingi zinazonifikia ziliandikwa usiku, mwenyewe bado anatetemeka. Tuchukue ya muuza vigae mmoja wa Kongowea. Wakala wake wa kutoa mizigo alikaa na hati, kontena likalala Kilindini, na gharama za uhifadhi zikamwangukia yeye. Aliandika hivi:

"Nyinyi ni wezi na wavivu! Kila siku kesho, kesho! Kontena limelala bandarini kwa ujinga wenu, mimi nimelipa 74,500! Nataka pesa zangu, la sivyo mtaniona mahakamani! Hamna haya!"

Hatua ya 1: Futa anwani ya mpokeaji. Fanya hivyo kabla ya kugusa neno lolote. Utairudisha mwisho.

Hatua ya 2: Pigia mstari yale asiyoweza kuyakana. Hapa ni mawili tu: kontena lililala, na mteja alilipa 74,500. "Wezi", "wavivu" na "hamna haya" yanahusu tabia, na ndiyo mlango wa kutokea wa wakala. Nimewahi kusoma jibu la ukurasa mzima kuhusu heshima, lisilo na neno hata moja kuhusu pesa.

Hatua ya 3: Kila tusi lipe tarehe yake. Nyuma ya "kila siku kesho" kulikuwa na ushahidi. Tulifungua simu yake tukakuta jumbe: hati alizikabidhi tarehe 2 Machi, kontena likashushwa tarehe 5, na wakala akaziwasilisha forodhani tarehe 16. Basi "wavivu" ikawa "siku 14".

Hapo hapo tuligundua jambo ambalo mteja hakulipenda. Siku mbili za mwisho kontena lilikaa kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa kulipa ushuru, na gharama ya siku hizo ilikuwa Sh9,500. Nilimshauri aziondoe. Wakala angeziona tu, kisha angezitumia kutilia shaka hesabu yote.

Hatua ya 4: Jilinde na aibu. Wengi huharibu barua hapa. Hasira ikishuka, mtu huona haya kwa alivyoandika, akaanza kujaza "samahani kwa usumbufu", "huenda hatukuelewana", "kama itawezekana". Dai linakuwa ombi, na ombi hukataliwa bila gharama yoyote. Kagua pia vitenzi. "Hati zilicheleweshwa" haimtaji aliyechelewesha, andika "mlichelewesha". Adabu yetu ya Pwani ibaki kwenye salamu na kwenye "tafadhali" moja, lakini "tafadhali" hiyo isikae kando ya pesa.

Hatua ya 5: Taja kiasi, siku ya mwisho na hatua utakayochukua. "Mtaniona mahakamani" haimtishi mtu, kwa sababu kila mwenye hasira huisema. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, kwa hiyo dai hili linaingia. Lakini itaje tu ikiwa kweli utakwenda.

Barua iliyotoka ni hii:

> Kichwa: Dai la kurejeshewa Sh65,000 za uhifadhi wa kontena
>
> Bwana Meneja, salamu.
>
> Tarehe 2 Machi niliwakabidhi hati zote za kontena la vigae. Kontena lilishushwa tarehe 5. Mliziwasilisha forodhani tarehe 16, siku 14 baada ya kuzipokea. Niliwauliza tarehe 6, 9 na 12, na kila mara mlinijibu "kesho". Jumbe hizo nimeziambatisha pamoja na risiti.
>
> Nililipa Sh74,500 za uhifadhi. Sh9,500 ni za siku mbili nilizochelewa mimi kulipa ushuru, na hizo siwadai. Sh65,000 zinatokana na kuchelewa kwenu, na nataka mnirejeshee kufikia tarehe 4 Aprili.
>
> Msipolipa kufikia siku hiyo, nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi kwamba mmeipokea barua hii.

Hatua ya 6: Ziweke barua mbili kando kando. Jiulize: katika mpya, aliyekosa ametajwa? Kiasi kipo? Siku ya mwisho ipo? Likikosekana hata moja, umelegeza. Angalia pia "nataka" isiwe imegeuka "naomba". Mteja wangu aliibadilisha mara mbili, nami nikairudisha mara mbili.

Sasa rudisha anwani, uitume asubuhi siku ya kazi. Wakala akijibu kwa simu, msikilize kwa upole, kisha siku hiyo hiyo mwandikie mlichokubaliana, ukitaja kiasi na tarehe.